Kwa Mkurugenzi wa Misaada ya Masomo: ritani ya kodi ya 2024 nayo haitoshi

Juni 2025

Ndugu Mkurugenzi,

Nakala ya Kiingereza ya barua hii niliiacha jana dirishani kwenu. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wazazi wenzangu hapa Marekani, maana wananipigia simu na swali lile lile, kwamba wafanye nini kipato kikishuka baada ya mwaka ambao chuo kinautumia kupima misaada, na jibu la ofisi yako linawapoteza kama lilivyonipoteza mimi.

Binti yetu anaanza chuoni kwenu Agosti. Fomu ya FAFSA ya 2025–26, ile ya kuombea misaada ya masomo ya serikali kuu, hupima uwezo wa familia kwa kipato cha 2023, na tarakimu zenyewe hutoka moja kwa moja mamlaka ya kodi, IRS, mzazi akisharidhia. Hilo sikulaumu, ndiyo sheria. Mwaka huo mume wangu alipata dola 52,000 ghalani, nami 29,000 kwa kazi ya kutunza wazee. Jumla 81,000. Februari 2025 ghala likafungwa.

Nilipoeleza hayo dirishani niliambiwa nilete ritani ya 2024. Nikaileta. Baada ya wiki tatu nikajibiwa kwamba kipato chetu hakijabadilika. Kingebadilikaje? Mwaka 2024 mume wangu alikuwa kazini Januari hadi Desemba, na saa za ziada juu yake. Mliomba karatasi ya mwaka ambao janga lilikuwa bado halijafika.

Kifungu cha 479A cha Sheria ya Elimu ya Juu kinampa ofisa wako mamlaka ya kurekebisha tarakimu zinazoingia kwenye hesabu, kwa mwanafunzi mmoja mmoja, mradi ushahidi uwemo kwenye faili. Mabadiliko ya ajira yametajwa humo waziwazi. Hakimlazimishi kukubali, lakini chuo hakiruhusiwi kuwa na msimamo wa kukataa maombi yote. Wala ushahidi si lazima uwe ritani. Ofisa anaweza kukadiria kipato cha mwaka huu wenyewe.

Basi tukadirie. Mume wangu alilipwa 8,600 kabla ya kufungiwa geti. Fao la kukosa ajira ni 420 kwa wiki, na barua yake inasema wiki 26: hiyo ni 10,920. Mimi nitafikisha kama 29,500. Jumla 49,020, yaani pungufu ya dola 31,980 kwa kipato mlichotumia. Tofauti hiyo ikiingizwa, namba ya SAI, inayopima familia inaweza kuchangia kiasi gani, inahesabiwa upya, na binti anaweza kusogea kwenye ruzuku ya serikali kuu ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 haizidi dola 7,395, au walau kwenye mkopo ambao serikali humlipia riba akiwa bado anasoma.

Karatasi za kuthibitisha hayo ni nne tu, na zote ninazo. Kuna barua ya mwajiri yenye tarehe ya mwisho wa kazi, barua ya fao la kukosa ajira, na karatasi zangu za mshahara za karibuni. Ya nne ndiyo wengi huitupa: karatasi ya mwisho ya mshahara wa mume. Pale kwenye safu ya YTD pameandikwa yote aliyolipwa tangu Januari, na tangu hapo haijaongezeka hata senti. Hiyo peke yake ingemwonyesha ofisa wako alichokikosa kwenye ritani.

Wazazi wenzangu, msijaribu kuingia StudentAid.gov kuandika kipato cha sasa mahali pa kile cha zamani. FAFSA inabaki na mwaka wake. Ombi la kurekebishiwa hesabu kwa hali maalumu kama hii hupelekwa chuoni, na kila chuo huamua kivyake. Mwanafunzi akiwa amechaguliwa ili taarifa za fomu yake zihakikiwe, uhakiki huo umalizike kwanza. Na tuambiane ukweli: hela tunazotuma nyumbani kwa wazee, hata zituumize vipi, mara nyingi ofisi huzihesabu kuwa hiari yetu. Gharama za matibabu ambazo bima haikulipa, hizo zimetajwa kwenye sheria. Zipelekeni.

Ndugu Mkurugenzi, uamuzi wa chuo ukishatoka, Idara ya Elimu ya serikali kuu haiutengui. Kwa hiyo sina pa kukimbilia zaidi ya kwako. Naomba mambo mawili. Dirishani, swali la kwanza liwe "mabadiliko yalitokea lini?", ndipo ofisa aombe karatasi za tangu siku hiyo. Na faili la binti yangu lifunguliwe tena kwa karatasi hizi nne, kabla ya ankara ya muhula wa kwanza kufika tarehe ya mwisho ya kulipwa.

Mama wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza