Neema, lile tangazo lako la kutafuta mafunzo kazini

Mwanangu Neema,

Marahaba. Huku hatujambo, mama yako amemaliza kupalilia. Tangazo lako nimelisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Unanijua.

Umeanza hivi: "Mimi ni mhasibu mahiri, mchapakazi." Miaka yote niliyokaa ofisi ya uhasibu sikupata kuona barua ya mtu aliyejiita mvivu. Kisha mwishoni unasema "hata kazi ya kubeba mafaili nitashukuru". Juu umejikweza, chini umejidhalilisha, na wewe mwenyewe sijakuona popote.

Mbona hukuandika habari za duka la mjomba wako? Daftari la fedha lilikataa kulingana na taarifa ya benki. Ulitoa makato ya benki, ukatoa hundi ambazo wenyewe walikuwa hawajazipeleka benki, bado ikabaki tofauti ya shilingi 27,000. Ukaigawa kwa 9, ikatoka 3,000 kamili bila baki, ndipo ukashuku kuna tarakimu zimepishana. Haikuwa ushahidi, maana tofauti nyingine hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, lakini ilikuonyesha pa kuanzia. Ukapekua stakabadhi hadi ukaikuta: mbolea ya 85,000 imeandikwa 58,000. Mhasibu mkuu akisoma hayo atajua umeshika daftari kwa mikono yako, na neno "mahiri" atalisema yeye.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Nimehitimu shahada ya uhasibu mwaka huu. Kwa miezi sita nimelinganisha daftari la fedha la duka la pembejeo na taarifa za benki, na nilipata kosa la shilingi 27,000 lililotokana na tarakimu kupishana. Kodi ya ongezeko la thamani naweza kuikokotoa, ila ritani sijawahi kuwasilisha. Hilo ndilo ninalotaka kujifunza kwenu. Naomba mafunzo ya miezi mitatu kuanzia Januari. Naishi Morogoro, niko tayari kuhamia Dar es Salaam."

Usione haya kutaja ritani. Ukijidai unaijua, watakukabidhi, na tarehe 20 ya mwezi, siku ya mwisho ya kuiwasilisha, haimsubiri mtu. Ila usitaje lile usilolijua halafu ukaishia hapo. Msomaji ajue unataka kulifanyia nini.

Januari nimeichagua kwa sababu. Kampuni nyingi hufunga hesabu Desemba 31, basi ofisi za wakaguzi huelemewa miezi inayofuata. Wanatafuta mtu wa kupekua vocha, nawe vocha unazijua. Tuma Novemba, kabla hawajagawana kazi.

Mengine yako sawa, picha ni nzuri. Lakini hiyo namba ya simu, si ya ile laini uliyopoteza Ubungo? Irekebishe kabla hujatuma.

Baba yako