YAH: KUNYIMWA NAKALA YA TAARIFA YA WIZI WA BAJAJI YANGU

Mkuu wa Kituo cha Polisi,
Mbeya.

Ndugu Afande,

Kwa heshima, husika na kichwa cha habari hapo juu. Bajaji yangu iliibiwa usiku Mwanjelwa, kulipokucha nikaripoti kituoni kwako, nikapewa RB, jalada likapata mpelelezi. Hayo unayo. Ninachoomba ni karatasi moja yenye muhuri: namba ya RB, tarehe na mahali pa wizi, namba za usajili, chesisi na injini, na upelelezi umefikia wapi. Bila hiyo, dai langu la bima haliendi mbele.

Askari wa kaunta alinirudishia RB yangu akasema, "Mama, nenda mtandaoni kajaze upotevu, shilingi mia tano tu, usitusumbue." Nikajaza, nikalipa. Bima wakaikataa, na siwalaumu. Ile ni taarifa ya mali iliyopotea, na maelezo yake nimeyajaza mwenyewe. Bima yangu kubwa inalipa wizi. Bajaji iliyokatwa mnyororo getini haijapotea, Afande, na hilo mnalijua kuliko mimi.

Niliporudi kueleza hayo, yule askari akapaza sauti: "Huyu mama kaiuza bajaji yake Tunduma, sasa anatafuta hela ya bima!" Watu wakacheka. Kwenye benchi walikaa wanawake ninaouza nao mchele sokoni.

Kabla ya hapo mpelelezi alishaniambia jalada liko kwako halijasainiwa, kisha karatasi zimeisha, kisha nimtumie "hela ya kopi" kwenye simu yake. Sikutuma.

Narudia lile la kaunta, maana ndilo linaloninyima usingizi. Alikuwa anamenya karanga juu ya kitabu cha taarifa. Hakuniuliza jina wala hakufungua jalada. Alipangusa maganda, akawatazama watu wa benchini kwanza, ndipo akatamka kwamba nimeiuza Tunduma. Kama ananishuku, aandike jaladani, niitwe nihojiwe, nitakuja. Funguo zote mbili za bajaji nimezikabidhi bima pamoja na kadi halisi. Muuzaji gani anabaki na funguo zote mbili na kadi?

Nilikuwa nataka nakala tu. Sasa nataka nakala hiyo kabla ya Ijumaa, iliyosainiwa na wewe mwenyewe, na yule askari aniombe radhi palepale kaunta, kwa sauti ileile. Wala sitaki kuambiwa tena "njoo kesho".

Ijumaa ikipita, barua hii itakuwa mezani kwa OCD, na nakala kwa RPC. Ile "hela ya kopi" nitaipigia TAKUKURU, 113. Ujumbe wa mpelelezi wenye namba ya kutumia hela bado uko kwenye simu yangu, sijaufuta.

Wako,
Mlalamikaji, mwenye bajaji