Barua kwa mwanangu: karafuu usizidishe mara mbili

Mwanangu mpenzi,

Tangu juzi tulipoongea kwenye simu sijatulia. Ulisema, "Mama, tutakuwa watu 16, nazidisha kila kitu mara mbili, basi." Hilo "kila kitu" ndilo linaloninyima usingizi. Nyama zidisha. Vitunguu na nyanya zidisha. Karafuu hapana, mwanangu.

Kwa mchuzi wa watu 8 tunatia nyama kilo 2, karafuu 6, iliki 8, vijiti 2 vya mdalasini na vijiko 2 vya chai vya bizari nyembamba. Kwa watu 16 nyama iwe kilo 4, lakini karafuu anza na 9, iliki 12, mdalasini vijiti 3, bizari vijiko 3. Kiungo kikali unakiongezea nusu yake tu. Bizari iliyobaki iweke kwenye kisahani karibu na jiko. Ukionja mwishoni ukaona imepungua, ikaange kidogo kwenye mafuta, uitie, uache mchuzi uchemke dakika 10. Bizari inakubali kuongezwa. Karafuu ikishazidi, hata ukiziokota zote, ukali wake umeshaingia mchuzini.

Najua utauliza kwa nini, maana tangu mdogo huridhiki na jibu la "fanya hivyo tu", na hilo nalipenda kwako. Sababu ni maji na muda. Kwa nyama kilo 2 tunatia maji lita 1 na nusu, na mpaka nyama inaiva, nusu lita hivi imeshapaa na mvuke. Ukitia lita 3 kwenye sufuria kubwa, haitapaa lita nzima, kwa sababu mdomo wa sufuria haukuongezeka maradufu kama nyama ilivyoongezeka. Utakuta mchuzi mwepesi, utaacha uchemke uwe mzito, na muda wote huo karafuu na mdalasini viko ndani vinaendelea kutoa ukali wake. Nyama itaanza kuchanguka na mchuzi utakuwa mchungu. Tia lita 2 na nusu. Ukiona panakauka, ongeza maji ya moto kidogo kidogo. Chumvi nayo iwe hivyohivyo, nusu yake ya ziada kwanza, nyingine baada ya kuonja.

Vitunguu usivimwage vyote kwa pamoja. Vikirundikana vinatoa maji na kuiva kwa mvuke, havigeuki rangi, na mchuzi ukikosa ule utamu wa kitunguu kilichokaangwa vizuri, viungo vinasikika vikali hata kama hukuzidisha. Kaanga kwa mafungu mawili. Hapo ndipo unapoharakisha siku zote, nami nimekwambia mara nyingi.

Karafuu, iliki na mdalasini vifunge kwenye kitambaa cheupe safi, uzi uache nje ya sufuria. Onja kila baada ya dakika 20. Ncha ya ulimi ikianza kufa ganzi, hizo ni karafuu. Vuta kifurushi hapohapo, usingoje nyama iive. Ile sikukuu ambayo watoto wote mliacha sahani zenu nusu, ulimi ulishaniambia mapema nikaupuuza, kisha nikasema hamna adabu ya chakula. Hamkuwa na kosa.

Ikitokea umezidisha, sukari haitakusaidia, itakupa mchuzi mtamu wenye karafuu. Kaanga vitunguu na nyanya nyingine pembeni bila kiungo chochote, uchanganye, utie na tui zito kidogo. Kwa hiyo nunua nyanya za akiba. Tena pika asubuhi, mchuzi upate kutulia, uuonje tena pamoja na kile mtakachoulia, maana kijiko kitupu kinadanganya.

Sufuria kubwa nitakupa, ila mfuniko wake umepinda, mvuke unatoka upande mmoja. Utauwekea kitu kizito juu. Baba yako anasema atakuletea Ijumaa, ingawa mgongo bado unamsumbua na dawa hataki kumeza mpaka nimsimamie. Mdogo wako amechukua lile blanketi lako, nimemwambia alirudishe. Bomba la jikoni tumeshalitengeneza.

Nafurahi kwamba safari hii wageni wanakuja kwako. Ningependa ungeniuliza mapema, si kuniambia wakati nyama umeshaagiza, lakini na mimi vipimo hivi sikuwahi kukuandikia. Nilikuwa natia kwa mkono nikidhani unaona.

Karafuu 9. Zihesabu kwenye kiganja kabla hujazifunga, na ukishamaliza kupika nipigie.

Mama yako