“Fundi, hili tairi liko poa?”

Wiki iliyopita mteja alitutumia picha moja ya ubavu wa tairi la Premio yake na swali hilo tu. Anataka kwenda Dodoma Ijumaa, na tairi linang'aa kwa dawa ya kung'arishia.

Picha ilionesha maandishi vizuri: 195/65R15 91H. Upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 15. Namba 91 ni mzigo: tairi likiwa na upepo unaotakiwa, hubeba hadi kilo 615. H ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 210 kwa saa, ingawa sidhani kama kuna anayeufikia pale Chalinze.

Tulichokitafuta zaidi ni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zilisomeka 0716, yaani tairi lilitengenezwa wiki ya 7 ya mwaka 2016. Mara nyingi tarehe hii huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoiona nje, chungulia upande wa ndani. Ukikuta namba tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya 2000. Mwachie muuzaji wake.

Alilinunua mtumba miaka miwili iliyopita, naye akawa anahesabu umri kuanzia siku hiyo. Mpira hauhesabu hivyo. Hukauka hata ukiwa stoo, na watengenezaji wengi wanasema tairi lisivuke miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama kashata zake, yaani vipande vya mpira vinavyogusa barabara, bado nzima. Tulipoikuza picha tuliona nyufa nyembamba karibu na rimu. Dawa ya kung'arisha huzificha nyufa hizo, kwa hiyo osha tairi kwanza ndipo upige picha.

Kuhusu kuisha kwa tairi hatukuweza kusema lolote, kwa sababu ubavu hauoneshi kashata. Tukamwomba apige nyingine akilitazama tairi usoni, usukani ukiwa umekatwa. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira, na alama ya TWI begani huonesha vilipo. Kashata zikilingana navyo, umebaki na milimita 1.6 na tairi limekwisha. Lake lilikuwa limelika zaidi bega la ndani, dalili ya kwenda kupima alaimenti.

Mpaka hapo jibu letu lilikuwa “lilete tulione”, wala si “liko poa”. Alhamisi tulipolitoa garini tukakuta uvimbe wa ukubwa wa nusu limau kwenye ubavu wa ndani: nyuzi zimekatika, pengine kwa shimo la barabarani. Kidonda hicho hakizibwi kwa kiraka wala utepe. Kamera yake isingekifikia tairi likiwa limefungwa.

Aliondoka na matairi mawili mapya, yote ya mbele.