Una viza ya Kanada, lakini Amsterdam utapitaje?

Mteja mmoja wa Ngamiani alituletea ofisini tiketi aliyoipata mtandaoni ili tumsaidie kuilipia. Binti yake alikuwa amepata chuo Toronto, viza ya Kanada imeshagongwa kwenye pasipoti, na nauli ilikuwa nafuu kuliko zote alizoziona. Safari yenyewe: Dar es Salaam hadi Amsterdam, Amsterdam hadi Frankfurt, Frankfurt hadi Toronto. Tulimwomba asilipe. Kwa tiketi ile, binti angezuiwa Dar, pale kaunta, kabla hata ya kuuona mlango wa ndege.

Kila uwanja mkubwa wa kimataifa una mstari mmoja muhimu, nao ni dirisha la uhamiaji. Abiria anayeshuka kwenye ndege moja na kupanda nyingine bila kuvuka dirisha hilo anahesabiwa kuwa hajaingia nchini. Akilivuka, hata kwa saa moja tu, ameingia, na lazima awe na ruhusa ya kuingia. Watu wengi hudhani kinachotazamwa ni urefu wa kusubiri. Unaweza kukaa saa kumi ndani ya mstari bila viza, na ukahitaji viza kwa kusubiri dakika arobaini.

Ndivyo ilivyo kwa safari hii. Uholanzi na Ujerumani zote zimo katika eneo la Shengeni, lenye nchi 29 zisizokaguana pasipoti kwenye mipaka baina yao. Ndege ya Amsterdam kwenda Frankfurt kwao ni kama ya kwetu ya Dar kwenda Mwanza, ni safari ya ndani. Kwa hiyo ukaguzi wa uhamiaji unafanyika Amsterdam, kabla ya kupanda ndege ya pili, na hapo binti angetakiwa awe na viza ya Shengeni ya kuingilia. Viza ya Kanada haimruhusu kuingia Uholanzi.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba viza ya Kanada ina msaada wake kweli, ila ni wa jambo jingine. Zipo nchi ambazo raia wao hutakiwa viza ya mapito hata wasipotoka ndani ya uwanja wa Shengeni. Nchi 12 zimo katika orodha ya pamoja, zikiwemo Ethiopia, Somalia na Kongo ya Kinshasa, Tanzania haimo. Nchi moja moja za Shengeni zinaweza kuongeza majina yao wenyewe, lakini mwenye viza halali ya Kanada, Marekani au Japani husamehewa viza hiyo ya mapito. Msamaha huo unaishia ndani ya mstari.

Kwa hiyo tulimtafutia Dar hadi Amsterdam, kisha Amsterdam moja kwa moja hadi Toronto, kwa tiketi moja. Uwanja mmoja tu wa Shengeni, na binti hagusi dirisha la uhamiaji. Nauli ilipanda kidogo. Kama angeng'ang'ania njia ya kwanza, ingebidi aombe viza ya Shengeni: aende Dar kutoa alama za vidole, kisha asubiri majibu, ambayo kwa kawaida huchukua hadi siku 15 tangu ombi kupokelewa, na chuo kinakaribia kufunguliwa.

Hilo la tiketi moja tunalisisitiza sana. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, mara nyingi begi lako litaandikiwa mwisho wa tiketi ya kwanza. Mikanda ya kupokelea mabegi iko nje ya dirisha la uhamiaji, kwa hiyo ili ulichukue na kulikabidhi upya inabidi uingie nchini. Pale Dar itazame karatasi inayofungwa kwenye mpini wa begi: kwa safari hii iandikwe YYZ, yaani Toronto. Ikiandikwa AMS, uliza hapo hapo kabla begi halijaondoka.

Wafanyakazi wa kaunta wanapokuzuia hawakuonei. Shirika likimsafirisha mtu asiye na hati zinazotakiwa hutozwa faini na kulazimika kumrudisha.

Usichukue kanuni ya Amsterdam ukaipeleka kwingine. Marekani haina mapito ya ndani kabisa. Kila abiria hupita uhamiaji, hata anayeunganisha ndege kwenda nchi nyingine, na Mtanzania huhitaji viza. Uingereza nayo imeiweka Tanzania katika orodha ya wanaohitaji viza ya mapito hata bila kuvuka mstari, ingawa baadhi ya wenye viza za Kanada au Marekani husamehewa.

Ukipata tiketi mtandaoni, tuletee hapa Tanga pamoja na pasipoti kabla hujalipa. Tutaangalia kila uwanja unaotua, na kama tiketi ni moja au mbili.