Mkutano wa fleti umeisha, sasa nani anampigia fundi?

Sisi kazi yetu ni kusimamia mikutano ya wakaazi wa fleti hapa Unguja mjini, tunakaa kama katibu, tunaandika muhtasari halafu tunafuatilia. Tatizo ni lile lile kila jengo: watu wanakutana baada ya isha, wanakubaliana vizuri tu, mwezi unapita na maji bado hayapandi juu. Ukifungua daftari lao unakuta "wajumbe walikubaliana pampu itengenezwe". Haya, atengeneze nani, kwa pesa ipi?

Tuseme jengo lina nyumba 24, sita ziko chini. Mota ya pampu imeungua, fundi kasema kuisuka upya na kubadilisha beringi ni 360,000. Ukigawa sawasawa kila nyumba 15,000. Hapo wa chini wanang'aka, wanasema sie maji ya bomba yanatufikia wenyewe, pampu yatuhusu nini? Na ukiwatoa wote, wale 18 wa juu watalipa 20,000 kila mmoja, nao hawataki. Hili likiachiwa linakula saa nzima, kwa hivyo mwenyekiti azitaje rai zote mbili kisha aulize kama ipo ya tatu. Mara nyingi ipo: wa chini 9,000, wa juu 17,000, hesabu inatimia ile ile 360,000. Watu wanyooshe mikono, ihesabiwe, basi.

Na jambo kama hili usilitie kwenye Mengineyo, ikifika huko nusu ya watu washaondoka. Liwe juu kwenye ajenda, na karatasi ya bei ya fundi itumwe kwenye grupu la Wasap siku kadhaa kabla ili msije mkabishania bei pale pale.

Kwenye muhtasari sie tunaandika hivi: "Imeamuliwa mota isukwe upya kwa gharama isiyozidi 360,000. Nyumba za chini 9,000, za juu 17,000. Mweka hazina akusanye hadi Ijumaa, nyumba namba 9 imlete fundi Jumamosi. Waliokubali 17, waliokataa 4." Maneno ya nani kamjibu nini hatuyaandiki, yanaleta ugomvi bure. Ila mpangaji akisema hiyo ni juu ya mwenye nyumba, tunaandika nani atampigia huyo mwenye nyumba na lini, maana hapo ndipo michango mingi inapokwama.

Muhtasari tunautuma kesho yake, mwenye marekebisho aseme. Ijumaa tunaangalia orodha, asiyelipa tunamfata pembeni, kumuanika kwenye grupu kunamfanya agome kabisa. Mkutano unaofuata tunaanza na Yatokanayo, kila uamuzi unasomwa na mhusika anajibu: imefanyika, haijafanyika, kwa nini, na tarehe mpya ni ipi. Uamuzi ukiahirishwa mara mbili mfululizo tunaomba mkutano umpe mtu mwengine.