Barua ya kufunga muhula: tuzibue mtaro Jumamosi

Kwa wazazi na walezi wote,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa hii saa 6:00 mchana. Ripoti watakuja nazo watoto wenyewe ndani ya bahasha, na tarehe ya kufungua imeandikwa ukurasa wa mwisho, juu ya nafasi ya sahihi ya mzazi. Tafadhali isainini siku hiyo hiyo, maana ripoti ikishalala kwenye begi hadi muhula mpya huwa haisomeki tena. Mengine ya masomo tutazungumza shule ikifunguliwa. Barua hii nimeiandika hasa kwa ajili ya Jumamosi.

Siku hiyo tunazibua mtaro wa maji ya mvua unaopita mbele ya shule hadi kwenye kalavati la barabarani. Tukutane geti la nyuma, si geti kuu, saa 1:00 asubuhi. Kazi itaanza saa 1:15 na tutamaliza saa 4:00, kabla jua halijawa kali.

Nimechagua geti la nyuma kwa sababu liko jirani na kalavati, na ndiko tunakoanzia. Najua wengi wangependa tuanzie geti kuu, ambako harufu ndiyo inatukera zaidi. Lakini mtaro huzibuliwa kutoka chini kwenda juu, yaani kuanzia kule maji yanakoelekea. Ukifungua juu kwanza, maji yaliyotuama yanashuka na taka zake zote na kwenda kuziba mdomo wa kalavati, na walioko chini wanajikuta wanachimba ndani ya maji.

Tutagawana vikundi vya watu watano: wawili wachimbe, mmoja ajaze magunia, wawili wabebe. Sehemu iliyosakafiwa, chimbeni mpaka beleshi ligonge saruji, basi. Sehemu ya udongo mtupu ndiyo inayohitaji jicho. Mtu mwenye nguvu huko huchimba shimo bila kujua, na shimo chini ya usawa wa mtaro ni bwawa dogo. Mbu anahitaji kama siku 7 hadi 10 tu kwenye maji yaliyosimama ili atoke kwenye yai mpaka aruke.

Tope lisiachwe ukingoni. Usafi uliopita lilirundikwa kando ya mtaro, likaonekana limetolewa, na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani. Safari hii litaingia kwenye magunia na kupelekwa moja kwa moja nyuma ya uwanja, kwenye shimo tuliloandaa. Plastiki na makopo yatawekwa kando, na hakuna kuchoma kitu. Msijaze gunia wala ndoo: ndoo ya lita 20 ikijaa tope bichi huzidi kilo 30, na migongo yetu wengine si ya jana. Nusu inatosha.

Kila mtu aje na buti za mvua au viatu vigumu vilivyofunika vidole. Ndala hapana, hata kwa anayesema amezoea. Glavu ziwe nene, za ngozi au mpira mgumu, kwani zile nyembamba za hospitali hazizuii kipande cha chupa. Mwenye beleshi, jembe, reki, toroli au magunia matupu aje navyo, akiwa ameandika jina lake kwenye mpini. Maji ya kunywa kila mtu abebe yake. Maji ya kunawa na sabuni vipo shuleni. Asiye na kifaa chochote aje vivyo hivyo, wabebaji wanahitajika kuliko wachimbaji.

Ukiona sindano au wembe, usiuguse hata kama umevaa glavu. Simama hapo hapo umwite mwalimu wa afya, atakuwa na kibanio na kopo gumu lenye kifuniko. Atakayechomwa au kukatwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa sababu ya pepopunda na maambukizi mengine.

Watoto wa madarasa ya chini wabaki nyumbani. Wa madarasa ya juu wanakaribishwa wakiwa na mzazi, lakini wataokota taka kavu uwanjani tu. Mtaroni hawaingii.

Kabla ya kuondoka tutamwaga ndoo kadhaa za maji geti kuu na kuyafuata kwa miguu hadi kwenye kalavati. Yatakaposimama, hapo bado kuna tope au pamebonyea, na kikundi cha sehemu hiyo kitarudi. Kuta zilizopasuka hatutaziweza kwa mabeleshi. Tutaziwekea alama ili kamati ya shule izijadili.

Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia Jumamosi, tutaahirisha hadi Jumamosi inayofuata, saa na mahali pale pale. Kipande cha chini cha barua hii kijazwe idadi ya watu na vifaa mtakavyoleta, kisha mtoto akirudishe kwa mwalimu wa darasa kabla ya Alhamisi jioni, ili tujue vikundi vingapi vipangwe.

Wenu,
Mwalimu Mkuu